Malipo ya Wathibitishaji wa Ethereum Hutoka Mfukoni mwa Nani?

Jioni hii nzima imetolewa kwa swali moja la fedha ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa haraka mno. Swali lenyewe ni hili: mtu anapofungia sarafu zake za kidijitali katika mtandao, akaambiwa kwamba zitamzalia asilimia kadhaa kwa mwaka, hicho kinachozaliwa kinatoka wapi, na ni nani anayekitoa?

Makusudi ya mhadhara ni mawili yanayofuatana. La kwanza ni kueleza namna mtandao unaolindwa kwa dhamana unavyofanya kazi, hatua kwa hatua. La pili ni kuyafuata malipo ya walinzi wake hadi yanakoanzia. Mitandao ya aina hii ni mingi na kanuni zake hazifanani, kwa hiyo mhadhara utajifunga kwa mtandao mmoja, Ethereum, ambao kanuni zake zimeandikwa wazi na hesabu zake zinaweza kukaguliwa na yeyote mwenye kompyuta. Sarafu yake itaitwa etha, kama inavyotamkwa na wanaoitumia.

Hoja ya kwanza: Dhamana hii si akiba, wala si mkopo

Ethereum ni daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta kwa wakati mmoja, na ambalo halina mkuu wala makao makuu. Kurasa za daftari hilo huitwa bloku, na kila bloku imefungwa kwa iliyotangulia, ndiyo maana daftari zima likaitwa mnyororo. Ugumu wa daftari la namna hii hauko katika kuliandika bali katika kukubaliana, kwa sababu mtu mwenye etha 10 anaweza kujaribu kumlipa muuzaji mmoja etha hizo hizo alizokwisha kumlipa mwingine, na pasipo msimamizi lazima pawepo njia ya kuamua ni ukurasa upi utakaoandikwa na upi utakaotupwa.

Haiwezekani jambo hilo liamuliwe kwa kura ya kila kompyuta, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu moja kwa kufungua majina elfu moja. Kura haina budi ifungwe kwenye kitu cha gharama. Bitcoin ilichagua umeme na mashine, utaratibu unaoitwa uthibitisho wa kazi. Mwaka 2012 sarafu iitwayo Peercoin ilitekeleza wazo la kuifunga kura kwenye sarafu zenyewe, na Ethereum, baada ya kuendesha mnyororo wa pembeni wa maandalizi tangu tarehe 1 Desemba 2020, ilihamia kabisa katika utaratibu huo tarehe 15 Septemba 2022. Utaratibu huu ndio uitwao hapa uthibitisho wa dhamana, na neno dhamana limechaguliwa kwa makusudi. Anayeweka etha zake hakopeshi mtu, kwa sababu hakuna mkopaji anayezichukua akazitumie kwa biashara. Wala haziweki akiba, kwa sababu hakuna benki inayozizungusha. Anafanya kile afanyacho mdhamini mahakamani: anaweka mali rehani kuwa ushahidi kwamba atatenda kama alivyoahidi, naye anajua kwamba akivunja ahadi mali hiyo itapungua.

Wasikilizaji wanaombwa walishike jambo hili, maana swali zima la malipo limejengwa juu yake. Mkopo huzaa riba kwa sababu mkopaji anazalisha kitu kwa fedha alizokopa. Etha zilizowekwa dhamana hazizalishi kitu chochote. Zimetulia tu, kama hati ya nyumba iliyofungiwa kabatini. Anayelipwa analipwa kwa kazi ya ulinzi na kwa hatari aliyoikubali, na ujira huo, kama ujira mwingine wowote, lazima uwe na mtu anayeutoa.

Hoja ya pili: Kazi anayoifanya mthibitishaji

Mwenye dhamana anayeshiriki katika ulinzi huitwa mthibitishaji. Ili awe mthibitishaji anapeleka etha zisizopungua 32 kwenye mkataba wa amana, yaani programu iliyo ndani ya mtandao wenyewe ambayo kazi yake ni kupokea dhamana tu. Baada ya hapo anaingia kwenye foleni, kwa kuwa mtandao hauruhusu wathibitishaji wengi kuingia au kutoka kwa mkupuo, kisha zamu yake ikifika kompyuta yake inaanza kazi. Anakuwa na funguo mbili za siri: mmoja hukaa ndani ya kompyuta inayofanya kazi na hutumika kutia saini kura, na wa pili, unaofaa kufichwa mbali na mtandao, ndio wenye mamlaka juu ya mahali dhamana itakaporudishwa. Anayemwachia mtu mwingine ufunguo wa kwanza amemwajiri mlinzi, lakini anayemwachia ufunguo wa pili amemkabidhi mali yenyewe.

Muda wa Ethereum umekatwa katika zamu za sekunde 12, na zamu 32 hufanya duru moja ya dakika 6 na sekunde 24. Katika kila zamu mthibitishaji mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu kuandika bloku mpya, na uwezekano wa kuchaguliwa hulingana na ukubwa wa dhamana. Wengine wote hugawanywa katika zamu hizo 32, kila mmoja akapiga kura moja kwa kila duru akieleza ni bloku ipi anayoiona kuwa kichwa cha mnyororo na ni mipaka ipi ya duru anayoikubali. Kura zenye theluthi mbili za dhamana yote zikikubaliana katika duru mbili mfululizo, bloku za nyuma hukamilishwa, na kuzibatilisha baada ya hapo kungemlazimu mshambuliaji apoteze angalau theluthi moja ya dhamana yote iliyowekwa.

Kwa hiyo kazi ya kila siku ya mthibitishaji ni kura ndogondogo, mara 225 kwa siku, wala si kuandika bloku. Mtandao ukiwa na dhamana ya etha milioni 36, mwenye etha 32 ni mmoja katika fungu la 1,125,000, na kwa kuwa siku moja ina zamu 7,200, atabahatika kuandika bloku takriban mara moja kila miezi 5. Malipo ya kanuni yamegawanywa kwa kufuata hali hiyo: katika kila mafungu 64 ya ujira, 54 ni ya kura, 8 ni ya kuandika bloku, na 2 yaliyobaki ni ya kamati ndogo inayosaidia programu nyepesi kufuatilia mnyororo. Kompyuta ikizimika, mthibitishaji hukosa malipo ya kura na hukatwa kiasi kinachokaribia robo tatu ya kile ambacho angekipata kwa kura hizo. Siku moja ya giza, basi, hufidiwa na siku moja ya kazi, na umeme unaokatika mara kwa mara haumfilisi mtu, ingawa humla faida.

Hoja ya tatu: Sehemu kubwa ya malipo ni sarafu mpya, na sarafu mpya hulipwa na wasioweka dhamana

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kila duru inapokwisha, mtandao huongeza etha mpya katika hesabu za waliopiga kura sawasawa. Etha hizo hazikuwapo. Hazikutolewa katika hazina yoyote wala kulipwa na mteja yeyote. Kiasi chake hufuata kanuni ambayo, ikirahisishwa na kuhesabiwa kwa mwaka mzima huku kila mthibitishaji akiwa kazini bila kukosa, huandikwa hivi:

```
E = 166.3 × √D
```

Hapa D ni jumla ya etha zilizowekwa dhamana, na E ni etha mpya zinazotolewa kwa mwaka. Kwa sababu ya kipeo cha pili kilichogeuzwa, yaani mzizi, dhamana ikiongezeka mara 4 sarafu mpya huongezeka mara 2 tu, na hivyo fungu la kila mmoja hupungua nusu. Dhamana ikiwa etha milioni 9, zitatolewa takriban etha 499,000, sawa na asilimia 5.5 kwa aliyeweka. Dhamana ikipanda hadi milioni 36, zitatolewa takriban etha 998,000, lakini kwa aliyeweka ni asilimia 2.8 tu. Walinzi wakiwa wachache, kanuni inawaita wengine kwa ujira mnono. Wakiwa wengi, inawaambia kwamba nafasi imejaa.

Sasa ifuatwe etha moja. Jumla ya etha zote duniani ni takriban milioni 120, na katika hesabu hii zile zilizowekwa dhamana zichukuliwe kuwa milioni 36. Ili jambo lionekane kwa macho, lifananishwe na shamba la minazi linalomilikiwa kwa hisa 120. Wenye hisa 36 wamekubali kulilinda usiku, na wenye hisa 84 wanalala. Mwishoni mwa mwaka chama cha shamba hakina fedha za kuwalipa walinzi, kwa hiyo kinachapisha hisa 1 mpya na kuwagawia walinzi peke yao. Minazi haikuongezeka hata mmoja. Walinzi, waliokuwa na sehemu 36 katika 120, ambayo ni asilimia 30 ya shamba, sasa wana sehemu 37 katika 121, ambayo ni asilimia 30.58. Waliolala walikuwa na asilimia 70, sasa wana asilimia 69.42. Hakuna aliyewatoza, wala hakuna hisa iliyotoka mikononi mwao; hata hivyo kile kilichoongezeka kwa walinzi ndicho hasa kilichopungua kwao.

Tarakimu za Ethereum zinafuata mfano huo. Mwenye etha 32 aliyeziweka dhamana anamaliza mwaka akiwa na takriban etha 32.89, na anaweza kusema kwamba amepata asilimia 2.8. Lakini jumla ya etha nayo imekua kwa asilimia 0.83, kwa hiyo sehemu yake katika mali yote imekua kwa asilimia 1.9 pekee. Jirani yake mwenye etha 32 ambazo hakuziweka popote bado ana etha 32 zilezile, na sehemu yake imepungua kwa asilimia 0.82. Huyu hakuona makato yoyote, na pengine hatayaona kamwe, kwa maana idadi iliyoandikwa mbele yake haijabadilika. Kilichobadilika ni ile jumla ambayo idadi hiyo hugawanywa nayo.

Msikilizaji mmoja anaweza kuuliza: je, dawa si kila mtu aweke dhamana? Swali hili linastahili kujibiwa kwa hesabu. Etha zote milioni 120 zikiwekwa, kanuni itatoa takriban etha milioni 1.82, na kila mmoja ataandikiwa nyongeza ya asilimia 1.5. Jumla nayo itakua kwa asilimia 1.5 ileile. Sehemu ya kila mmoja itabaki ilivyokuwa tarehe 1 Januari, isipokuwa kila mmoja atakuwa amelipia kompyuta, umeme na intaneti. Malipo ya sarafu mpya, basi, yana thamani kwa mpokeaji kwa kadiri tu ambayo wapo wasioyapokea. Jambo hili halimaanishi kwamba ni udanganyifu, kwa kuwa wanaolala wanalindiwa shamba lao na ni haki wachangie ulinzi. Ni kodi ya ulinzi inayotozwa kwa njia ya kupunguza uzito wa kila sarafu, na kosa liko kwa wale wanaoiita faida bila kutaja kwamba ni kodi.

Kipimo hiki kinafaa kuvushwa hadi kwenye mitandao mingine inayojivunia asilimia kubwa. Mtandao unaoongeza sarafu zake kwa asilimia 10 kila mwaka, huku theluthi mbili zikiwa zimewekwa dhamana, utamwandikia kila mweka dhamana asilimia 15. Ukiondoa kukua kwa jumla, sehemu yake imeongezeka kwa asilimia 4.5 tu, wakati asiyeweka amepoteza asilimia 9. Solana, kwa mfano, ilipanga kuanza na ongezeko la asilimia 8 kwa mwaka, ongezeko hilo likipungua kwa asilimia 15 ya kiwango chake kila mwaka hadi litulie kwenye asilimia 1.5. Tarakimu kubwa inayoandikwa kwenye tangazo mara nyingi husimulia ukubwa wa ongezeko la sarafu kuliko inavyosimulia utajiri wa mtandao.

Hoja ya nne: Watumiaji nao hulipa, lakini kwa milango miwili isiyofanana

Mbali na sarafu mpya, kuna fedha zinazotoka kwa watu wanaoutumia mtandao, na hizi ndizo zenye sifa ya mapato kwa maana inayoeleweka na mfanyabiashara. Kila anayetuma etha au kuendesha programu ndani ya Ethereum hulipa ada. Tangu tarehe 5 Agosti 2021 ada hiyo ina sehemu mbili. Ada ya msingi hupangwa na mtandao kulingana na msongamano, na haiendi kwa mtu yeyote: huchomwa, yaani hufutwa kabisa katika hesabu. Juu yake mtumiaji huweka bakshishi, ambayo humwendea mthibitishaji aliyeandika bloku.

Wengi hushangaa kusikia kwamba sehemu hiyo ya kwanza inateketezwa, na hudhani kuwa imepotea bure. Mfano wa shamba unaonyesha vinginevyo. Mnunuzi wa nazi akilipa kwa kukabidhi hisa, na chama kikaichana hisa hiyo, waliobaki wote, walinzi na waliolala, wanamiliki shamba lilelile kwa hisa chache zaidi. Ada ya msingi kwa hiyo hulipwa kwa wenye etha wote kwa uwiano wa mali zao. Kuweka dhamana hakuongezi haki yoyote juu yake. Bakshishi ndiyo inayomfikia mlinzi peke yake.

Bakshishi ina ndugu mmoja aliye mgumu kumweleza. Anayeandika bloku ndiye anayepanga miamala itangulie ipi na ifuate ipi, na mpangilio huo una thamani. Bei ya sarafu ikiwa tofauti katika masoko mawili yaliyo ndani ya mnyororo, atakayetangulia kununua kwenye nafuu na kuuza kwenye ghali ndiye atakayechukua tofauti hiyo, naye yuko tayari kumlipa mwandishi wa bloku ili atangulie. Siku hizi wathibitishaji wengi hawapangi miamala wenyewe, bali huwaachia mafundi maalumu wanaoshindana kwa mnada kuijenga bloku, kisha huchukua dau la mshindi. Sehemu ya fedha hiyo haina ubaya, kwa kuwa husawazisha bei za masoko. Sehemu nyingine hutoka kwa mtumiaji wa kawaida, ambaye mtu alimwona anakuja kununua, akanunua mbele yake kwa bei ya chini, akamwachia bei iliyokwisha kupanda, kisha akauza nyuma yake. Mtumiaji huyo hapati stakabadhi inayoonyesha alichotozwa. Anaona tu kwamba amepata sarafu pungufu kidogo kuliko alivyotarajia, na upungufu huo ni sehemu ya malipo ya mtu asiyemjua.

Mapato haya ya watumiaji hayatabiriki. Wakati wa pilikapilika bloku moja inaweza kumletea mwandishi wake zaidi ya malipo ya kura ya miezi mingi, na bloku nyingi nyingine zisimletee kitu cha kuhesabu. Mabadiliko ya Machi 2024, yaliyoitwa Dencun, yaliipa nafasi nafuu mitandao midogo inayofanya kazi juu ya Ethereum. Kwa watumiaji ilikuwa neema, lakini etha zinazochomwa zilipungua sana, na jumla ya etha, iliyokuwa imeanza kushuka baada ya mwaka 2022, ikarudi kupanda. Hapo ikaonekana wazi namna milango hii inavyotegemeana: ada zikishuka, kodi ile ya wasioweka dhamana haina tena cha kuifidia.

Hoja ya tano: Hatari iko wapi, na inajulikanaje

Adhabu kubwa ya mthibitishaji ni kukatwa dhamana na kufukuzwa. Haitolewi kwa uvivu bali kwa kauli mbili zinazopingana: kuandika bloku mbili tofauti katika zamu moja, au kupiga kura mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Wengi walioangukia adhabu hii hawakuwa wezi. Walikuwa waangalifu kupita kiasi, wakaweka ufunguo mmoja katika kompyuta mbili ili moja ikizimika nyingine ishike kazi, na siku kompyuta zote mbili zilipowaka pamoja zikatia saini kura mbili. Fundi yeyote anayemhakikishia mteja kwamba ana kompyuta ya akiba yenye ufunguo uleule inayosubiri muda wote anapaswa kuulizwa kwa makini inazuiwaje isiwake wakati ya kwanza ingali hai.

Ukubwa wa adhabu umepangwa kwa busara. Tangu mabadiliko ya Pectra ya Mei 2025, makato ya mwanzo ni sehemu 1 katika 4,096 ya dhamana, ambayo kwa etha 32 haifiki hata etha 0.01. Lakini aliyekosea huzuiliwa kwa siku takriban 36, na katikati ya muda huo mtandao huangalia ni dhamana kiasi gani nyingine ilikosea karibu na wakati huo, kisha humkata kwa mara 3 ya uwiano huo. Aliyekosea peke yake hupona na jeraha. Waliokosea pamoja wakifikia theluthi moja ya dhamana yote hupoteza kila kitu, kwa kuwa theluthi moja ndiyo inayoweza kuuhatarisha mnyororo. Kwa hiyo anayeweka dhamana kupitia kampuni kubwa inayoendesha maelfu ya wathibitishaji kwa programu moja anabeba hatari kubwa kuliko aliye peke yake, hata kama kampuni hiyo ina mafundi hodari zaidi.

Mwezi Mei 2023 ulitoa somo la karibu. Tarehe 11 na 12, programu mbili kati ya zile zinazotumiwa na wathibitishaji zilielemewa na mzigo wa kura za zamani, kompyuta nyingi zikashindwa kupiga kura kwa wakati, na ukamilishaji wa bloku ukasimama, siku ya pili kwa zaidi ya saa moja. Bloku ziliendelea kuandikwa kwa sababu wengine walikuwa na programu tofauti. Siku hiyo ya pili kanuni ya dharura, inayowakata polepole wasioshiriki hadi walioko wafikie tena theluthi mbili, ilianza kufanya kazi kwa mara ya kwanza katika mtandao halisi, na kwa muda huo hata waliopiga kura vizuri hawakulipwa ujira wa kura.

Hatari ya pili ni ya muda. Hadi tarehe 12 Aprili 2023 dhamana haikuweza kutolewa kabisa, na hata leo foleni ya kutoka inaweza kurefuka. Septemba 2025 ilizidi siku 40. Ili kukwepa kifungo hicho wengi huweka kupitia Lido na mifumo inayofanana nayo, ambayo hukusanya etha za watu, huzikabidhi kwa waendeshaji, hukata asilimia 10 ya malipo, na humpa mwekaji hati inayouzika sokoni. Hati hiyo ni madai juu ya etha, si etha yenyewe. Juni 2022, watu wengi walipotaka kuziuza kwa pamoja huku mlango wa kutokea ukiwa bado umefungwa, hati hizo zilinunuliwa kwa bei iliyo chini ya etha zilizosimama nyuma yake. Aliyeweza kusubiri hakupoteza. Aliyekuwa amekopa kwa rehani ya hati hizo hakuwa na nafasi ya kusubiri.

Kuna hatari ya tatu, isiyotokana na mtandao bali na jina lake. Watu hujitokeza wakisema kwamba wanaweka dhamana kwa niaba ya wengine na kuahidi asilimia 1 kwa siku. Kanuni iliyoandikwa hapo juu inatosha kuwajibu. Mnyororo wa maandalizi ulipangiwa usianze kabla dhamana haijafika etha 524,288, na hata kwa dhamana ndogo kiasi hicho malipo ya kanuni hayavuki takriban asilimia 23 kwa mwaka mzima. Kwa dhamana ya milioni 36 hayavuki asilimia 2.8. Anayeahidi katika siku 3 kile ambacho mtandao hutoa kwa mwaka hawezi kuwa anakitoa kwenye mtandao. Njia ya kumkagua ni fupi: kila mthibitishaji wa Ethereum ana namba na ufunguo wa wazi, na kumbukumbu zake zote, kura alizokosa, bloku alizoandika na anwani itakayorudishiwa dhamana, zinaonekana kwa yeyote katika tovuti kama beaconcha.in. Aombwe namba za wathibitishaji wake. Asipozitoa, hakuna dhamana iliyowekwa.

Yaliyo mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, swali la nani anayelipa bado liko mezani kwa watunga kanuni wenyewe. Mwaka 2024 baadhi ya watafiti wa Ethereum walipendekeza utoaji wa sarafu mpya upunguzwe kadiri dhamana inavyozidi, wakihofia siku ambayo karibu kila etha itakuwa imewekwa kupitia makampuni machache, na hati zao zikashika nafasi ya etha katika matumizi ya kila siku. Waliopinga walisema kwamba ujira ukipungua, wa kwanza kuondoka atakuwa mlinzi mdogo mwenye kompyuta moja nyumbani, kwa kuwa gharama zake hazigawanyiki kwa wateja wengi. Pande zote mbili zina hoja, na hesabu ya dhamana kamili iliyofanywa hapa inaupa upande wa kwanza nguvu zaidi: kuongeza walinzi kupita hitaji ni kuwatoza watu ili kuwalipa watu walewale, huku mpitishaji wa fedha akibaki na asilimia 10.

Mhadhara unawaomba waliohudhuria, hususan walimu watakaoulizwa na wanafunzi wao na viongozi wa vyama vya akiba watakaoletewa mapendekezo ya kuwekeza fedha za wanachama katika sarafu hizi, wadai kwanza majibu matatu kabla ya kuitazama asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi: sarafu za mtandao huo huongezeka kwa kiasi gani kila mwaka, ni sehemu gani ya sarafu zote imewekwa dhamana, na watumiaji halisi wamelipa ada kiasi gani katika miezi 12 iliyopita. Kwa Ethereum majibu yote matatu yako wazi kwa umma, na kuyatafuta hakuhitaji zaidi ya saa moja.